Bangili za Lijuan

"Suqin! Hebu toka nje uone maajabu. Mkono wangu umeanza kunisomea siri za mume wangu!"

Aliyeita alikuwa Shangazi Bai, kiongozi wa wanawake wanaocheza kila asubuhi uwanjani, chini ya maghorofa yetu. Nilitoka na bakuli la uji mkononi, binti yangu Mianmian kanikumbatia paja. Shangazi akaninyooshea mkono hadi puani. Kwenye kioo cha bangili ya afya niliyomuuzia wiki ile palikuwa na ujumbe: Mzee Zhou, maandazi ya nyama yametoka, wahi yakiwa moto.

"Daktari kamkataza mafuta," alisema. "Na huyu wa 'wahi yakiwa moto' ni nani?"

"Ni muuza maandazi wa pale kona, Shangazi. Hata mimi hunitumia hivyo hivyo."

"Ahaa. Kumbe kitakachomuua ni unga, si mwanamke. Sasa mbona ujumbe wake unaingia kwangu?"

Nilijua kabla sijaishika ile bangili. Mzee Zhou naye alikuwa amenunua ya kwake. Siku ya kuziwasha, simu yake ilikuwa mezani imefungua programu na kutafuta, ikaikamata bangili ya mkewe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Bangili hizi huongea na simu moja tu kwa wakati mmoja. Ikishashikwa na simu hii, ile nyingine itatafuta mpaka ichoke. Nilimwomba Mzee Zhou simu, nikaiondoa bangili kwenye programu yake, kisha nikaitafuta upya kwa simu ya Shangazi Bai. Bangili ikatetemeka, ikauliza kama ikubali, nikambonyezesha yeye mwenyewe kidole.

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Sasa itakusomea siri zako mwenyewe."

"Mimi sina siri. Nina deni la chumvi tu kwa jirani," akasema, akacheka mpaka Mianmian naye akacheka bila kujua sababu.

Nilipenda asubuhi za namna ile. Ndizo zilizonifanya niamini kwamba tutaweza. Kabla ya Mianmian nilikuwa kiwandani, kwenye mstari wa kuchomelea spika ndogo za simu, na jioni nikisoma darasa la watu wazima. Alipozaliwa, mama mkwe alipiga simu kutoka Hunan akasema kile ambacho kila mama mkwe husema: mlete mtoto kwetu, nyie mfanye kazi. Watoto wa wenzangu wengi walikuwa huko, wakilelewa na mabibi, wakiwaona mama zao kwenye kioo cha simu. Nilimsihi mume wangu, Decheng, anipe nafasi. Ndipo nikaanzisha kikundi cha manunuzi cha mtaa. Mtaa mzima tunaandikiana kwenye kikundi cha simu. Mimi natafuta bidhaa, wao wanaagiza kwa pamoja, mzigo unashuka mlangoni kwangu, nami nabaki na changu kidogo. Mayai, machungwa, sabuni, soksi. Kiongozi wa kikundi hana duka wala leseni ya ukutani. Ana uso wake tu. Siku watu wakiacha kuuamini, kikundi kimekufa, na mimi narudi kiwandani, na Mianmian anapanda treni ya kwenda kwa bibi.

Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote Ou Lijuan. Ndiye aliyekuwa akikaa dawati moja nami darasani jioni. Ndiye aliyenishika mkono nikijifungua, Decheng akiwa zamu. Tulimfanya mama wa hiari kwa desturi za kwetu, mama wa pili wa Mianmian, na alimletea kofia ya chui yenye masikio, akampiga picha, akaiweka iwe picha ya utambulisho ya akaunti zake zote kana kwamba mtoto ni wake. Lijuan alikuwa na kaunta kwenye soko la vifaa vya elektroniki, ghorofa ya pili. Kikundi chenyewe ni yeye aliyenishauri nikianzishe. Na bangili ni yeye aliyenipa.

"Chukua hizi, shosti," aliniambia. "Mpya, bado zimo kwenye maboksi, kampuni moja ilivunja oda. Hao shangazi zako wa uwanjani watazigombea."

Na kweli waligombea. Wengi walitaka kuhesabu hatua, maana jioni programu ya kuchati hupanga majina kwa hatua za siku, na aliye juu hupata sifa. Lakini Bibi Tan alikuwa na sababu nyingine. Bibi Tan alikuwa mdogo wa mwili, mpole, amewekewa kijibomba kwenye mshipa wa moyo majira ya baridi yaliyopita. Binti yake anafanya kazi Chengdu. Alitaka bangili itetemeke mapigo yakipanda kuliko ilivyopangwa, na binti yake aone takwimu za mama kila jioni akiwa kule mbali.

"Binti, ukiniambia nzuri, nitavaa," alisema.

"Nzuri, Bibi," nilimwambia.

Baada ya kisa cha Shangazi Bai malalamiko yakaanza kutiririka kama maji ya bomba bovu. Chaji haikai. Bangili imekatika na simu. Hatua za jana hazionekani. Kila asubuhi baada ya ngoma niliketi kwenye benchi la zege, Mianmian akicheza na vifuniko vya chupa, nami nikipokea mkono mmoja baada ya mwingine kama muuguzi. Nikikwama, nilimtumia Lijuan ujumbe wa sauti, naye alinijibu papo hapo, hata akiwa na wateja.

"Waulize kama wamefungia programu isifanye kazi kwa nyuma. Simu zetu hizi zina roho mbaya, shosti. Zikiona programu haijafunguliwa muda, zinaiua ili kuokoa chaji. Programu ikifa, bangili inabaki inaita peke yake."

Nilikagua, ikawa kweli. Karibu simu zote za wale mama zilikuwa kwenye hali ya kuokoa chaji, na wana wao walikuwa wamewafundisha kufuta kila kitu kilichofunguliwa, kwamba ndiyo usafi. Niliziruhusu programu zifanye kazi kwa nyuma, nikazifungia zisifutwe. Bangili za wengine zikaacha kukatika kuanzia siku hiyo.

Shangazi mmoja alikuwa ameunganisha bangili kwa kuingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, kama anavyounganisha spika ya muziki. Simu ilisema imeunganishwa, lakini programu haikuiona kabisa. Niliifuta pale, nikaianzisha upya ndani ya programu. Wengine waliacha simu kwenye mikoba iliyotundikwa kwenye mti ng'ambo ya uwanja, na kati yao na simu kuna safu nzima ya wachezaji. Niliwaeleza kwamba mwili wa mtu umejaa maji, na mawimbi yale madogo hayapendi maji.

"Kwa hiyo mimi ni tangi?" aliuliza Shangazi Bai.

"Tangi linalocheza."

"Na hatua zangu za wakati huo zimepotea?"

"Hazipotei. Bangili inahesabu yenyewe na kutunza siku kadhaa. Ukirudi karibu na simu ukafungua programu, inamwaga zote: hatua, usingizi, mapigo. Kinachokatika ni vile vitu vinavyotoka kwenye simu, ujumbe na hali ya hewa na jina la anayepiga."

"Haya basi. Hali ya hewa naiona kwa macho."

La chaji ndilo lilikuwa gumu. Hapo pia Lijuan alinipa jibu, na lilikuwa jibu zuri mno hivi kwamba nilicheka barabarani peke yangu. "Waangalie wanavyocheza," alisema. "Si wanainua mikono?" Bangili zilipangwa kuwasha kioo kila mtu anapoinua mkono kutazama saa. Wale mama, kwa wimbo mmoja tu, walikuwa wanaviwasha na kuvizima vioo bila kukoma. Nilizima hilo. Nikazima upimaji wa oksijeni ya damu usiku, nikapunguza upimaji wa mapigo usiwe wa mfululizo, ila kwa Bibi Tan. Nikawazimia mitetemo ya vikundi vya kuchati, maana kuna waliokuwa wakitetemeshwa mkono kutwa nzima kwa picha za maua za kuamkiana.

Chaji ikakaa zaidi kidogo. Kidogo tu. Bangili yangu mwenyewe, niliyoinunua zamani ya aina ile ile, ilikaa zaidi ya wiki. Zao zilikufa kabla ya siku ya pili kwisha.

"Wazee hao," alisema Lijuan. "Hawachaji mpaka ijae. Wavumilie, shosti wangu. Mwambie mwanangu nampenda."

Nikawavumilia. Nikawatetea hata. Mmoja alipoandika kwenye kikundi kwamba bangili ni takataka, nilimwandikia ujumbe mrefu wa upole, nikamwekea na picha za kuonyesha wapi pa kubonyeza. Decheng aliusoma begani kwangu akasema, "Umekuwa fundi." Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimejifunza kitu, na kila nilichojifunza kilikuwa cha kweli.

Kisha asubuhi moja, katikati ya wimbo wa kuchezea pepeo za mkono, Bibi Tan aliketi chini. Hakuanguka. Aliketi polepole kama mtu anayetafuta pete, upepeo wake mwekundu ukamlala mapajani. Tulimzunguka. Alikuwa amepauka na jasho jembamba juu ya mdomo. Shangazi Bai alimpulizia, mwingine akamtolea kidonge chake kwenye pochi. Baada ya muda rangi ikamrudi.

"Sikusikia ikitetemeka," alisema, akiutazama mkono wake. "Nilikuwa nasubiri itetemeke, ndiyo nipumzike."

Bangili ilikuwa nyeusi. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Alikuwa ameichaji jioni iliyopita mpaka ikajaa. Alinionyesha picha, maana kila ikijaa huipiga picha na kumtumia binti yake.

Sikumtumia Lijuan ujumbe wa sauti. Nilimpigia. Akashtuka, nadhani alishtuka kweli, akasema hiyo moja ni mbovu, hutokea, anatuma nyingine sasa hivi kwa pikipiki. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imefika, ndani ya boksi lililofungwa kwa plastiki. Nilimwahidi Bibi Tan kumwekea kila kitu mimi mwenyewe. Nikaenda kwake na Mianmian, akampa mtoto embe kavu, nami nikaketi mezani nikafungua boksi.

Bangili iliwaka. Simu ya Bibi Tan ikaiona mara moja. Nikabonyeza kuiunganisha, gurudumu likazunguka, kisha programu ikakataa. Iliandika kwamba bangili hii ina mwenyewe tayari, akaunti nyingine inaimiliki, na kama nataka kuitumia niombe ruhusa ya mwenyewe aiachie. Chini ya maneno hayo paliwekwa picha ndogo ya mviringo ya huyo mwenyewe.

Mianmian aliipata kabla yangu. Aliegemea meza, embe mdomoni, akaweka kidole kwenye kioo.

"Mimi," alisema.

Alikuwa yeye. Kofia ya chui, masikio mawili, mashavu yake ya miezi ile.

"Kuna nini, binti?" aliuliza Bibi Tan.

"Mtandao unasumbua, Bibi. Acha niende nayo nyumbani."

Huo ndio uongo pekee niliomwambia, na bado naisikia ladha yake.

Nyumbani nilitulia. Nilijiambia labda aliijaribu tu kama ni nzima. Muuzaji makini hujaribu. Lakini boksi lilikuwa limefungwa kwa plastiki. Niliwaomba mama watatu wanaokaa kwenye ngazi yetu waniachie bangili zao siku hiyo, nikazichaji pamoja na yangu mpaka zikajaa. Nikazizimia kila kitu: mapigo, mitetemo, mwanga. Nikazima na Bluetooth ya simu, ili pasiwe na wa kuziita wala kuzitafuta. Nikazipanga juu ya friji, hakuna mkono wa kuziinua, hakuna ngoma. Kulipokucha, bangili yangu ilikuwa bado kama ilivyojaa. Zao zilikuwa zimeshuka zaidi ya nusu, moja ilikuwa imezima. Hapo hapakubaki cha kusingizia. Hapakuwa na mipangilio ya kuzima tena. Betri zenyewe ndizo zilizochoka, na betri haichoki ndani ya boksi jipya.

Nilimfunga Mianmian mgongoni nikaenda sokoni.

Kaunta ya Lijuan ilikuwa na msichana nisiyemjua. Alisema dada yuko stoo, akanielekeza kwa kidevu ngazi za nyuma. Nilisikia kabla sijaona, mlio mdogo wa kukwaruza, mwingi, kama viwavi wanaokula majani. Nilisukuma mlango. Rafu ukuta hadi ukuta, na kwenye rafu vitikisio, vile vibembea vya umeme vya kutikisa simu ili ihesabu hatua. Kila kibembea na bangili yake, au mbili, zimefungwa na mipira ya kufungia nywele. Vilikwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto. Vioo vikiwaka na kuzima. Waya za chaji zilining'inia kila mahali, na chumba kilikuwa na joto la mkate.

Lijuan alikuwa amechuchumaa, simu tatu mapajani. Alinyanyua uso.

"Mwanangu!" alisema kwanza, kwa Mianmian. Kisha akaniona mimi.

"Hizi ni za nani?" niliuliza.

"Suqin, kaa kwanza."

"Za nani?"

"Za watu wa maofisini." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu. "Kampuni zao zinataka watembee, wasipotembea wanakosa zawadi ya afya. Hawana muda. Mimi nawatembezea. Kila bangili inatembea kwa ajili ya mtu, hatua zinaingia kwenye simu, simu inazipeleka. Nani anaumia?"

"Na zikichoka?"

Aliinamia simu zake.

"Zikichoka, Lijuan. Zikishakaa kwenye chaji na joto hili miezi na miezi, betri imekwisha, unazifanya nini?"

"Nazisafisha," alisema. "Kamba mpya. Kioo kinang'arishwa. Zinafanya kazi, Suqin, sikukupa mawe."

"Unazifunga plastiki."

"Kila mtu hapa anafunga plastiki."

Mianmian alianza kujinyonganyonga akitaka kwenda kwa mama yake wa pili. Nilimshika miguu kwa nguvu.

"Bibi Tan aliketi chini katikati ya ngoma," nilisema. "Alikuwa anasubiri itetemeke."

"Nimesikia, na nimekuletea nyingine haraka. Nikasahau kuiachia kwenye akaunti, kosa langu. Tazama." Akachukua simu moja mapajani, akatelezesha kidole, akabonyeza. "Basi, nimeiachia. Haijulikani tena ilikuwa ya nani. Nenda umuunganishie, itakubali. Au ukitaka, yeye nitampa mpya kabisa, ile ya kwenye kaunta, kwa heshima yako. Hao wengine wanaishi vizuri tu, si umeshawazimia ile ya kuinua mikono?"

"Ni wewe uliyeniambia niizime."

"Na haikuwa kweli? Niambie neno moja nililokuambia ambalo si kweli. Programu hazifi? Mwili hauzuii mawimbi? Kioo hakili chaji?" Alisimama. Alikuwa ananitazama kama alivyozoea kunitazama darasani nikikosea hesabu, kwa subira. "Nilikufundisha vizuri. Wewe mwenyewe ulikuwa unafurahi."

Hapo ndipo iliponichoma. Nilikuwa natafuta mahali aliponidanganya, kila ujumbe wake wa sauti ukipita kichwani, na kila mmoja ulikuwa sawa. Alinipa ukweli mmoja mmoja, kwa mkono wa upendo, nami nikautandaza juu ya bidhaa yake mpaka haikuonekana.

"Kwa nini mimi?" nikamuuliza. "Una kaunta. Ungeziuza hapo."

"Hapa mteja anapima kila kitu, anapiga kelele, anarudisha." Akashusha sauti. "Wale wanakuamini. Mtu mwenye mtoto mgongoni anayesema 'nzuri, Bibi', nani atafungua boksi kutazama betri? Na ulihitaji mzigo, Suqin. Kikundi chako kilikuwa mayai na soksi. Nani alikupa kitu cha faida? Nani hataki huyu mtoto apande treni? Nilifanya kwa ajili yake pia."

Alinyoosha mkono amguse Mianmian shavu. Nilirudi nyuma hatua, mgongo wangu, na mtoto, tukagusa rafu. Kibembea kimoja kikaanguka, kikaendelea kujitikisa sakafuni.

"Usiwaambie," alisema. "Ukiwaambia utapoteza kikundi kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja angelijua. Mimi sina cha kupoteza hapo. Ni wewe."

Alikuwa sahihi hata katika hilo.

Njiani nilijaribu ile bangili kwenye simu yangu. Ilikubali mara moja, ikaniuliza lugha, ikaniuliza saa, safi kama kitu kilichozaliwa siku ile. Kila ushahidi ulikuwa umefutika. Nilichokuwa nacho ni nilichokiona, na mdomo wangu. Kabla ya kulala Decheng aliniuliza kama mama yake aanze kutafuta tiketi ya mtoto ya kabla ya Mwaka Mpya, maana huisha mapema. Nilimwambia asubiri kesho.

Asubuhi nilifika uwanjani kabla ya muziki. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, na yote yakanikimbia.

"Bangili nilizowauzia si mpya," nilisema. "Zilitumiwa na watu wengine mpaka betri zikachoka, kisha zikafungwa upya. Mimi sikujua. Lakini mimi ndiye niliyewaambia ni nzuri."

Spika ya muziki ilikuwa inasema imeunganishwa, imeunganishwa, kwa ile sauti yake ya kike.

"Na yale mambo ya kuokoa chaji?" mmoja akauliza. "Na mikono? Ulikuwa unatupumbaza?"

"Yalikuwa kweli. Hayakuwa sababu."

"Sasa tutakuamini vipi ukisema kitu kweli?" akauliza mwingine. Nikaikaza kamba ya mbeleko ya mtoto.

"Nani kakupa?" aliuliza Shangazi Bai.

"Rafiki yangu."

"Yule wa kofia ya chui?"

Nikaitikia kwa kichwa. Shangazi Bai alivuta pumzi kupitia meno. Alimfahamu, Lijuan alishawahi kuja kula nasi, akamsifia Shangazi miguu. "Na yule msichana ana sauti tamu," alisema. "Mimi nilimfanyia supu."

Bibi Tan alikuja mbele. Alivua ile bangili nyeusi aliyokuwa bado ameivaa kwa mazoea, akaiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Watu wale walioivaa kabla yangu," aliuliza, "walikuwa wazima?"

"Hakuna aliyeivaa, Bibi. Ilikuwa inatikiswa na mashine."

Alifikiri. "Kwa hiyo nilikuwa navaa kitu ambacho hakijawahi kujua moyo wa mtu," alisema, akarudi mahali pake kwenye safu.

Niliwarudishia wote pesa zao. Lijuan alituma sehemu bila neno lolote, nyingine ilitoka kwenye akiba yetu, Decheng alinikabidhi akitazama pembeni. Bangili yangu mwenyewe nilimpa Bibi Tan, baada ya kuifuta na kuiunganisha na simu yake mbele ya macho yake, na tukakaa tukisubiri takwimu za kwanza zimfikie binti yake kule Chengdu. Zilipofika, binti alituma alama ya kidole gumba. Watu wengi walijitoa kwenye kikundi siku hiyo, kimya kimya, jina baada ya jina. Wiki ile oda ya mayai ilikuwa ndogo kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja.

Aliyeagiza wa kwanza alikuwa Shangazi Bai. "Kwenye mayai yangu utavunja moja mbele yangu," aliandika, kwa kila mtu kusoma. "Na ukiniletea bangili nyingine nitakuvunjia kichwani." Baadaye waliagiza wawili wengine. Nikapata kazi ya asubuhi ya kuchagua mboga sokoni, mahali wanaporuhusu mtoto kukaa kwenye kreti. Tiketi haikununuliwa. Mama mkwe alisema, haya, mpaka Mwaka Mpya upite, tutaona. Naamini tutaona vizuri.

Jana Mianmian, akiwa ndani ya kreti yake, alinyanyua jani la kabichi akaliweka kichwani, akatangaza kwa sauti kuu, "Mama, nimevaa nyumba." Ni sentensi yake ya kwanza ndefu. Nilicheka mpaka wauza mboga wakageuka. Nikaifuta mikono, nikatoa simu, nikaanza kuandika: we, hebu sikia mwanao leo kasema nini. Nikafika katikati ndipo nikakumbuka ninamwandikia nani. Nikasimama pale na simu mkononi, kabichi zikiendelea kushuka kwenye mkanda wa mashine, nisijue mwingine wa kumtumia.